Chembe ndogo zilizopauka: ni mbebaji wa thalasemia au amepungukiwa chuma?

Majibu ya maabara yametoka. Hemoglobini iko chini kidogo, MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, iko chini sana, na mtaalamu wa maabara ameandika kwamba chembe nyekundu ni ndogo na zimepauka. Kinachofuata mara nyingi ni vidonge vya chuma. Miezi mitatu baadaye MCV iko palepale, dozi inaongezwa, na mgonjwa analaumiwa kwamba hamezi dawa. Huenda anameza kila siku, ila tatizo lake si chuma: amerithi jeni moja yenye hitilafu ya thalasemia. Kinyume chake kipo pia na kinaumiza vilevile: mtu anaambiwa "wewe ni mbebaji tu, ndivyo ulivyo", kumbe anavuja damu tumboni na akiba yake ya chuma imekwisha.

Mwongozo huu unafuata njia moja, kutoka karatasi ya kwanza ya majibu hadi jibu la uhakika. Tutakaa zaidi kwenye hali inayowapotosha wengi, yaani pale mtu mmoja anapokuwa na vyote viwili.

Kwa nini zinafanana, na kwa nini hazifanani

Hemoglobini inahitaji vitu viwili: hemu, ambayo ndani yake mna chuma, na minyororo ya protini iitwayo globini. Kimoja kikipungua, chembe inatoka na hemoglobini kidogo, kwa hiyo inakuwa ndogo na rangi yake inafifia. Ukiitazama chembe moja peke yake, ni vigumu kujua kilichokosekana ni kipi.

Tofauti inaonekana kwenye uzalishaji mzima. Chuma kikipungua, uboho hauna malighafi, hivyo unatoa chembe chache. Tena, kwa kuwa akiba hupungua polepole, damu inabaki na mchanganyiko: chembe za zamani zenye ukubwa wa kawaida, za katikati, na mpya zilizo ndogo kabisa. Kwa mbebaji wa thalasemia chuma kipo. Kilichopungua ni mnyororo mmoja wa globini, na kimepungua tangu kuzaliwa. Uboho wake unafidia kwa kutoa chembe nyingi, zote ndogo, zenye ukubwa unaokaribiana.

Ukiielewa aya hiyo, nusu ya kazi imekwisha. Namba zinazofuata zinaipima tu.

Hatua ya 1: Soma RBC kabla ya kuangalia kitu kingine

Wengi huangalia Hb, yaani hemoglobini, kisha MCV, kisha huacha karatasi. Rudi juu utafute RBC, yaani idadi ya chembe nyekundu. Kwa mtu mzima aliyepungukiwa chuma hadi MCV yake ikashuka, RBC kwa kawaida iko chini au katika kiwango cha chini cha kawaida. Kwa mbebaji wa thalasemia mara nyingi inavuka 5.0 × 10^12/L, hata Hb ikiwa chini.

Hesabu rahisi inayounganisha namba hizi mbili ni fahirisi ya Mentzer, inayotumika tangu mwaka 1973:

```
MCV (fL) ÷ RBC (10^12/L)
```

Ikitoka chini ya 13, elekeza fikra kwenye thalasemia. Ikitoka juu ya 13, elekeza kwenye upungufu wa chuma. Mfano wa upungufu wa chuma ulio wazi: Hb 8.2, RBC 3.9, MCV 68, na RDW, kipimo cha tofauti ya ukubwa wa chembe, 19. Gawanya 68 kwa 3.9 upate 17.4. Kila namba hapo inasema jambo moja.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hesabu, nacho kinastahili kuzoeleka: linganisha MCV na Hb. Katika upungufu wa chuma Hb huanza kushuka, kisha MCV inaifuata. Ili MCV ifike 65 kwa sababu ya chuma peke yake, kwa kawaida Hb huwa imeporomoka hadi 7 au 8 hivi. Ukikuta MCV ni 65 na Hb ni 11.5, chembe ni ndogo kupita kiasi kwa upungufu mdogo wa damu kiasi hicho. Hapo thalasemia inapaswa kukujia akilini kabla hujashika kalamu.

RDW inaonyesha chembe zinavyotofautiana ukubwa. Upungufu wa chuma huipandisha, mara nyingi juu ya 16, ilhali ubebaji huiacha kawaida au juu kidogo. Usiitegemee peke yake. Wabebaji wengi wana RDW ya 15 au 16, na upungufu wa chuma ulioanza karibuni unaweza kuwa na RDW isiyoonyesha lolote.

Mahali ambapo hesabu hii inadanganya

Fahirisi ni kipimo cha kuelekeza, haitoi jibu la mwisho. Inadanganya katika hali zinazojulikana, na kila moja ina sababu yake.

Mtu aliyeanza vidonge vya chuma siku kumi zilizopita anatoa chembe changa kwa wingi. RBC yake inapanda haraka wakati MCV bado iko chini, hivyo fahirisi inashuka na upungufu wa chuma unaonekana kama thalasemia. RDW yake nayo inaruka juu sana, kwa sababu chembe mpya za ukubwa wa kawaida zimechanganyika na zile ndogo. Kwa hiyo uliza tarehe aliyoanza dawa kabla ya kugawanya chochote.

Mtu aliyeishiwa maji mwilini, au anayeishi kwenye miinuko mirefu, au mwenye ugonjwa wa moyo unaopunguza oksijeni, anaweza kuwa na RBC kubwa huku chuma kikiwa kimekwisha.

Damu iliyokaa kwenye chupa ya EDTA hadi kesho yake huvimba chembe zake. MCV inapanda kwa uongo, na ubebaji mwepesi unaweza kupita bila kuonekana. Pima siku hiyohiyo.

Kwa watoto wadogo fahirisi hukosea zaidi, na hata MCV yenyewe ina kiwango tofauti. Kanuni ya haraka kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja hadi miaka kumi hivi: kikomo cha chini cha MCV ni 70 ukijumlisha umri wake kwa miaka. Mtoto wa miaka 3 mwenye MCV ya 74 hana chembe ndogo, hata kama mashine imeweka alama nyekundu kwa kutumia viwango vya watu wazima.

Hatua ya 2: Pima ferritini, na uisome pamoja na hali ya mgonjwa

Ferritini ndiyo inayoeleza akiba ya chuma. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya 15 µg/L inathibitisha kwamba akiba imekwisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 kikomo ni 12. Hivyo ndivyo viwango vya Shirika la Afya Duniani. Waganga wengi hawasubiri 15. Wanaichukulia 30 kwa mtu mzima mwenye dalili kuwa ni upungufu, na kwa maoni yetu wako sahihi, kwa sababu ferritini ya 22 kwa mtu mwenye chembe ndogo si akiba ya kutegemea.

Shida ya ferritini ni kwamba hupanda mwili unapopambana na maambukizi, ugonjwa wa ini, au uvimbe wa muda mrefu wa viungo. Mtu mwenye malaria wiki hii anaweza kuonyesha 55 ilhali chuma kimekwisha. Ikiwezekana pima pamoja nayo CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe. Maambukizi au uvimbe ukiwepo, kikomo kinapandishwa hadi 70 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto chini ya miaka 5, au unarudia kipimo wiki chache baada ya kupona. Chuma cha kwenye damu kikipimwa peke yake hakisaidii sana, maana hubadilika kutwa nzima na hupanda saa chache baada ya kumeza kidonge.

Ferritini ikiwa chini, umethibitisha upungufu wa chuma, lakini *hujaondoa* thalasemia. Ikiwa kawaida na mtu hana maambukizi, upungufu wa chuma unaondoka mezani, na chembe ndogo zinahitaji maelezo mengine.

Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na ferritini ya chini, usiishie kwenye vidonge. Tafuta damu inakopotelea, kwanza kabisa tumboni na kwenye utumbo.

Hatua ya 3: Tazama slaidi

Slaidi ya damu huchukua dakika chache na mara nyingi inasaidia zaidi ya inavyodhaniwa. Katika upungufu wa chuma utaona chembe za ukubwa tofauti, katikati zikiwa nyeupe kwa eneo kubwa, na baadhi zimekuwa nyembamba na ndefu kama penseli. Kwa mbebaji wa beta thalasemia, yaani aliyepungukiwa mnyororo wa globini uitwao beta, utaona chembe zenye doa katikati kama shabaha, tena nyingi kuliko ambavyo ungetegemea kwa Hb isiyo mbaya hivyo, na nyingine zenye vitone vya buluu vilivyotawanyika ndani. Vitone hivyo huonekana pia kwenye sumu ya risasi, kwa hiyo mtoto mwenye vitone na ferritini ya chini aulizwe kuhusu rangi za zamani, betri na kazi za kuyeyusha madini zinazofanyika karibu na nyumbani.

Slaidi haitoshi kutoa hukumu. Inakusaidia kuamua kipimo kinachofuata kiwe kipi.

Hatua ya 4: HbA2, na kwa nini wakati wa kuipima una maana

Mbebaji wa beta thalasemia hana minyororo ya beta ya kutosha, hivyo sehemu ya hemoglobini inayotumia mnyororo wa delta, yaani HbA2, inaongezeka kwa uwiano. Hupimwa kwa HPLC au kwa elektroforesisi ya kapilari, njia mbili za maabara za kutenganisha aina za hemoglobini. Kwa watu wengi wasio wabebaji iko kati ya 2.2 na 3.3 kwa mia. Ikizidi 3.5 pamoja na chembe ndogo, ubebaji wa beta umethibitika. Wengi wao huwa kati ya 4 na 6.

Hapa ndipo penye mtego. Upungufu wa chuma hushusha HbA2. Mbebaji ambaye kwa kawaida angeonyesha 4.2 anaweza kuonyesha 3.4 chuma kikiwa kimekwisha, na maabara itaandika "kawaida". Jibu hilo likikaa kwenye faili miaka kumi, hakuna atakayelihoji tena.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: ferritini ikiwa chini, HbA2 iliyo juu ya 3.5 unaiamini, ila HbA2 iliyo chini ya hapo unaiandika kuwa "haijakamilika" na unapanga kuirudia chuma kikisharudi. Sababu ya kuamini ile ya juu ni kwamba upungufu wa chuma hauipandishi. Unaishusha tu.

Mengine yanayobadilisha HbA2 ni haya. Upungufu wa vitamini B12 na dawa ya zidovudini vinaweza kuipandisha, ila hapo chembe huwa kubwa. Kuongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita kunachanganya damu ya watu wawili, na jibu halifai. Mwenye HbS, hemoglobini ya selimundu, hata akiwa mbebaji tu, huonekana na HbA2 ya juu kwenye HPLC nyingi, kwa sababu sehemu ndogo za HbS husomwa mahali pale pale. Kwake HbA2 ya 4 haithibitishi thalasemia. Na kwa mtoto mchanga kipimo hiki hakina maana: HbA2 hufika kiwango cha mtu mzima polepole, hivyo subiri angalau atimize mwaka.

Mfano uliofanywa hadi mwisho

Mwanamke wa miaka 26, si mjamzito, hedhi yake ni nzito, anachoka. Majibu: Hb 10.8, RBC 5.6, MCV 62, MCH, yaani wastani wa hemoglobini katika kila chembe, 19.3, RDW 16.5.

Anza na RBC. Ni 5.6, idadi kubwa kwa mwanamke mwenye Hb ya 10.8. Gawanya 62 kwa 5.6: 11.1. Linganisha MCV na Hb: MCV ya 62 ingehitaji upungufu mkali zaidi wa damu kama chanzo kingekuwa chuma peke yake. Namba zinaelekeza kwenye thalasemia. Lakini RDW iko juu kidogo na hedhi ni nzito, kwa hiyo swali la chuma bado liko wazi.

Ferritini inarudi 9. Hapa mganga mwenye haraka husema "ni chuma" na kufunga faili. HbA2 inarudi 3.4, jambo linaloonekana kumuunga mkono. Lakini chuma hakielezi RBC ya 5.6. Pale majibu mawili yanapopingana na moja kati yake linajulikana kushushwa na hali ya mgonjwa, subiri kabla ya kuamua.

Anapewa salfeti ya chuma, kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa siku, chenye takribani miligramu 65 za chuma halisi. Anaelezwa akimeze tumbo likiwa tupu, mbali na chai na maziwa. Kikimsumbua tumbo, anameza siku moja na kuruka moja. Hedhi nzito inashughulikiwa sambamba, la sivyo kinachoingia kinatoka.

Wiki nne baadaye Hb ni 11.3. Katika upungufu wa chuma ulio peke yake tungetegemea ipande angalau gramu moja kwa desilita ndani ya wiki mbili hadi nne. Yeye amepanda nusu tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hali yake haikuwa chuma. Dozi haiongezwi. Anaendelea hadi miezi mitatu.

Miezi mitatu: Hb 11.4, RBC 5.75, MCV 64, RDW 14.8, ferritini 46. Akiba imerudi, uchovu umepungua, lakini MCV imesogea kwa pointi 2 tu. Mtu mwenye upungufu wa chuma peke yake angekuwa karibu na 80 kufikia sasa. HbA2 inarudiwa na kutoka 4.2. Ni mbebaji wa beta thalasemia aliyekuwa amepungukiwa chuma, na vidonge vinasimamishwa hapa. Kuendelea navyo hakutamfikisha kwenye MCV ya 80, na chuma kisichohitajika kinaweza kujikusanya mwilini.

Kama Hb isingepanda kabisa, tusingerukia thalasemia moja kwa moja. Tungeuliza kwanza kama vidonge vinamezwa, kama damu bado inatoka, na kama tumbo linafyonza chuma: ugonjwa wa siliaki na bakteria wa *Helicobacter pylori* huzuia ufyonzaji.

HbA2 ikiwa kawaida na chuma kiko sawa

Chembe ndogo, RBC kubwa, ferritini 60, CRP ya kawaida, HbA2 2.5. Mwenye karatasi hii huenda ni mbebaji wa alfa thalasemia. Katika alfa HbA2 haipandi, hivyo HPLC ya kawaida haitaiona. Kinachothibitisha ni kipimo cha vinasaba kinachotafuta jeni za alfa zilizokosekana. Aliyepoteza jeni moja kati ya nne anaweza kuwa na MCV ya karibu kawaida. Aliyepoteza mbili huwa na chembe ndogo zinazoonekana wazi.

Kipimo hicho si cha lazima kwa kila mtu. Kinakuwa cha lazima pale wenzi wote wawili wana picha hiyo na wanatarajia mtoto, hasa wakitoka katika jamii ambazo jeni mbili hupotea kwenye kromosomu moja, kama Asia ya Kusini-Mashariki. Mtoto anayerithi hali hiyo kutoka pande zote mbili hana jeni ya alfa hata moja, na kwa kawaida haishi bila matibabu yanayoanza tumboni.

HbA2 inayobaki kati ya 3.3 na 3.5 hata baada ya chuma kurudi nayo ipelekwe kwenye vinasaba, kama mwenzi ni mbebaji. Kuna mabadiliko mepesi ya jeni ya beta yanayojificha katika eneo hilo.

Akiwa mjamzito, usisubiri miezi mitatu

Utaratibu wa kujaza chuma kwanza haufai hapa, kwa sababu muda unakwisha. Mpe chuma kama ferritini iko chini, pima HbA2 siku hiyohiyo, na kama MCH iko chini ya 27 mwite mwenzi wake apimwe bila kungoja. Majibu ya mwenzi yakiwa safi kwa kila aina, pamoja na HbS na HbE, ambayo ni aina nyingine ya hemoglobini ya kurithi, wasiwasi unapungua. Wote wakiwa wabebaji wa beta, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye thalasemia kali, na wanapaswa kuonana na mshauri wa vinasaba mapema, wakiwa bado na nafasi ya kuamua wenyewe.

Unachoandika kwenye faili

Usiandike "mbebaji wa thalasemia" pekee. Andika HbA2 ngapi, ilipimwa lini, ferritini ilikuwa ngapi siku hiyo, na viwango vyake vya kawaida akiwa na chuma cha kutosha. Kwa mwanamke wa mfano wetu: "Hb 11.4, MCV 64, HbA2 4.2, ferritini 46. Asipewe chuma bila kupima ferritini." Siku Hb yake ikisomeka 9.5, atakayeshika faili hilo atajua kwamba gramu karibu mbili zimepotea na kuna kitu kipya cha kutafuta.